Kufuli halisafiri na picha: skrinshoti ya kivinjari inaonyesha nini hasa

Nilikuwa nimelipia kozi ya mtandaoni. Kabla ya kulipa nilisoma ukurasa wa masharti, nao ulisema kwamba ukighairi ndani ya siku 30 unarudishiwa fedha zako zote. Nikaupiga picha. Nilitumia kile kitufe cha Firefox kinachochukua ukurasa mzima kuanzia juu hadi chini, nikapata picha moja ndefu, safi, kila herufi inasomeka. Siku ya 20 nikaomba fedha zangu. Wakajibu kwamba masharti yao ni siku 14, na nilipofungua ukurasa ule ule, kweli uliandika 14. Nikawatumia picha yangu. Jibu lao lilikuwa la upole na lilikuwa sahihi: hatuoni hii imetoka wapi.

Niliitazama upya. Kulikuwa na kichwa cha habari, nembo, aya sita na ile namba 30. Anwani haikuwepo. Kama ningeletewa picha ile na mtu mwingine, nisingeweza kusema kama ni ya tovuti ile au ni ya mtu aliyekaa nusu saa na programu ya kuandikia.

Kosa langu lilikuwa la chombo. Dirisha la kivinjari lina sehemu mbili ambazo macho huziona kama kitu kimoja. Ya chini, ile kubwa, huchorwa na tovuti: maandishi, rangi, nembo, vitufe, vyote ni matakwa ya mwenye tovuti. Ya juu, yenye vichupo na upau wa anwani, huchorwa na kivinjari chenyewe, na tovuti haina mkono wa kuifikia. Tovuti inaweza kuandika jina lolote duniani ndani ya ukurasa wake, lakini haiwezi kuandika kwenye upau jina la kikoa, yaani jina lililosajiliwa la tovuti kama example.com, ambalo si lake. Ndiyo maana picha inayotaka kuonyesha ukurasa umetoka wapi lazima iwe na sehemu ya juu. Na ndiyo maana zana za kupiga ukurasa mzima, ile ya Firefox na ile ya Chrome inayoitwa "Capture full size screenshot", hazifai kwa kazi hii: huchukua tu kile ambacho tovuti imechora.

Kwa hiyo picha ipigwe na mfumo wa kompyuta, siyo na kivinjari. Kwenye Windows, bonyeza Alt na PrtScn kwa pamoja, nalo dirisha lililo mbele linanakiliwa lote. Lililobaki ni kulibandika mahali na kulihifadhi. Kwenye Mac ni Command, Shift na 4, kisha kitufe cha nafasi, kisha unabofya dirisha. Kwenye simu picha huchukua skrini yote, ila kuna mtego: ukishusha ukurasa, upau wa anwani hujificha ili maandishi yapate nafasi. Vuta ukurasa kidogo kuelekea chini hadi upau urudi, ndipo upige.

Sasa anwani yenyewe. Watu huisoma kuanzia kushoto, kama sentensi, na hapo ndipo wanapokamatwa. Tazama hii:

```
https://example.com.ingia-hapa.example.net/akaunti/
```

Jicho linaona example.com na kuridhika. Lakini mwenye ukurasa huu ni example.net. Kanuni ni kutafuta mkwaju wa kwanza ulio peke yake baada ya ile miwili ya `https://`, kisha kusoma kutoka hapo kurudi kushoto. Kipande cha mwisho kabla ya mkwaju, pamoja na kile kinachokitangulia, kwa kawaida ndicho kikoa kilichosajiliwa. Nasema kwa kawaida kwa sababu baadhi ya miisho ina vipande viwili, mfano `.co.ke` au `.ac.tz`, na hapo unahesabu kimoja zaidi. Yote yaliyo kushoto ya kikoa, mwenye kikoa anajiandikia apendavyo. Yaliyo kulia ya mkwaju, yanayoitwa njia, vilevile ni yake, na ukurasa unaweza hata kubadilisha njia hiyo ukiwa tayari umefunguka, bila kupakiwa upya:

```
history.pushState({}, "", "/tangazo/rasmi")
```

Amri hiyo ikiendeshwa na ukurasa, upau utaonyesha `/tangazo/rasmi` hata kama hakuna kitu cha jina hilo kwenye seva. Ila haiwezi kugusa jina la kikoa, kivinjari kitaikataa. Katika anwani nzima, kikoa ndicho kigumu, njia ni laini.

Vivinjari vimezidisha ugumu kwa kuficha sehemu za anwani. Chrome huficha `https://` na `www`, na Safari kwa kawaida huonyesha jina la kikoa tu. Kwa mtu anayesoma habari hilo halina shida. Kwa mtu anayepiga picha ya ushahidi ni hasara, kwa sababu picha inayoonyesha `example.com` pekee haimwambii msomaji ni ukurasa upi kati ya maelfu ya tovuti hiyo. Kwenye Chrome ya kompyuta, bofya upau kwa kitufe cha kulia cha kipanya uchague "Always show full URLs". Kwenye Safari ya Mac, ingia mipangilio, sehemu ya Advanced, uwashe "Show full website address". Anwani ikiwa ndefu kuliko upau, panua dirisha. Ikishindikana, nakili anwani kama maandishi uiweke pamoja na picha. Kusema kweli iweke kila mara. Hakuna mtu anayefurahia kuchapa upya herufi 140 kutoka kwenye picha.

Tuje kwenye kufuli, kile kialama kidogo pembeni ya anwani, ambalo ndilo watu wengi hulionyesha kwa kidole: "si unaona kufuli?" Kufuli lina maana nyembamba. Linasema kwamba mawasiliano kati ya kivinjari na seva yamesimbwa, na kwamba seva imeonyesha cheti halali cha jina lililo kwenye upau. Basi. Halisemi mwenye jina hilo ni nani, wala kama ni mkweli. Cheti cha kawaida hutolewa kwa mtu yeyote anayeweza kuthibitisha kwa mashine kwamba anakidhibiti kikoa, na mamlaka kama Let's Encrypt huvitoa bure. Ile example.net iliyojificha nyuma ya jina la mwenzake itapata kufuli zuri kama la benki yoyote.

Watengenezaji wa vivinjari wenyewe waliliona hili. Zamani tovuti zilizolipia cheti cha ukaguzi wa kina zilionyeshwa jina la kampuni karibu na kufuli, kwa rangi ya kijani. Mwaka 2019 Chrome na Firefox zikaliondoa jina hilo kwenye upau. Mwaka 2023 Chrome, kuanzia toleo la 117, iliondoa hata kufuli na kuweka alama ya vitelezi viwili vidogo, baada ya Google kueleza kwamba katika utafiti wao wa 2021 ni asilimia 11 tu ya walioshiriki walioelewa sawasawa maana ya kufuli. Kwa hiyo ukiletewa skrinshoti ya Chrome isiyo na kufuli, usiikatae kwa sababu hiyo. Siku hizi kinachotakiwa kukushtua ni maneno "Not secure" pembeni ya anwani. Na skrinshoti ya Chrome inayodaiwa kuwa ya mwezi uliopita huku ina kufuli la zamani, hiyo nayo inastahili swali.

Lakini kuna jambo zito zaidi kuhusu kufuli, na ndilo lililonifanya niandike haya. Kufuli ni ahadi kwa mtu aliye mbele ya skrini. Mimi nikiwa nimekaa hapa, kivinjari changu kimekagua cheti na kinaniambia mimi. Nikipiga picha na kukutumia, unachopokea ni mchoro wa kufuli. Kivinjari chako hakijakagua chochote.

Utasema: si kuna ufunguo wa siri, saini za kidijitali na hesabu zote zile? Haziwezi kuhifadhiwa zikawa ushahidi? Mtu anaweza kuyarekodi mawasiliano yote, lakini hayatamsaidia namna anavyodhani. Mwanzoni mwa muunganisho, seva hutia saini ili kuthibitisha kwamba yenyewe ndiyo yenye cheti. Katika hatua hiyo hiyo, seva na kivinjari hukubaliana funguo za siri ambazo pande zote mbili zinazijua, na ukurasa wenyewe husafiri ukilindwa kwa funguo hizo. Fikiria sanduku lenye funguo mbili zinazofanana, mmoja ninao mimi na mwingine anao yeye. Nikikuta barua ndani ambayo sikuiweka mimi, najua ni yake. Wewe mtu wa tatu ukifunguliwa sanduku hilo, huna njia ya kujua barua imewekwa na nani kati yetu. Ukurasa wa tovuti haubebi saini ya seva juu ya maneno yake. Kufuli linanihakikishia mimi. Kwako wewe halifiki.

Na kughushi hakuhitaji hesabu yoyote. Fungua tovuti yoyote yenye kufuli, bonyeza F12, nenda kwenye Console, andika:

```
document.body.contentEditable = true
```

Sasa bofya kwenye maandishi ya ukurasa uyafute, uandike yako. Siku 14 zinakuwa 30, au 300. Upau wa anwani haubadiliki, kufuli halitikisiki, kwa sababu unachobadilisha ni nakala iliyo kwenye kompyuta yako, baada ya kufika salama. Picha ya hapo ni picha ya kweli ya dirisha la kweli, na maneno yake ni ya uongo. Hakuna mtaalamu wa picha atakayekuta alama ya mkasi, maana mkasi haukutumika. Nimeionyesha kwa watu kadhaa na kila mara hukaa kimya kidogo.

Je, picha haina faida? Inayo, ila siyo ile inayodhaniwa. Kile ambacho picha inabeba kweli ni dai lililo kamili: anwani hii, saa hii, ilikuwa na maneno haya. Dai la namna hiyo linaweza kukaguliwa. Picha yangu ya kwanza haikuwa hata dai. Ilikuwa maneno yanayoelea. Kwa hiyo kazi ya mpiga picha ni kumpa msomaji kila kitu anachohitaji ili asilazimike kumwamini.

Hivi ndivyo ningeupiga ukurasa ule leo. Kwanza naufungua kwenye dirisha la faragha. Sababu yake siyo siri. Ni kwamba kwa kawaida dirisha hilo haliendeshi viongezo isipokuwa umeviruhusu. Kizuia matangazo huondoa vipande vya ukurasa kimyakimya, na kiongezo cha kutafsiri hubadilisha maneno yenyewe. Ukipiga picha ya ukurasa uliotafsiriwa, umepiga picha ya maneno ambayo tovuti haikuyaandika. Halafu anwani inaonekana yote. Kisha napiga skrini nzima badala ya dirisha tu, ili saa na tarehe ya kompyuta ziingie. Saa hiyo mtu anaweza kuirudisha nyuma, najua, lakini inaifunga picha na wakati mmoja unaoweza kulinganishwa na rekodi nyingine. Skrini nzima ina faida nyingine ndogo: kuna kurasa za ulaghai ambazo huchora ndani yake dirisha zima la bandia, lenye upau na kufuli vya kuchora. Mbele ya skrini unaligundua kwa kujaribu kuliburuta nje ya kivinjari, linakwama ukingoni. Kwenye picha huwezi kuburuta, kwa hiyo ni lazima dirisha la nje kabisa lionekane.

Ukurasa ukiwa mrefu, napiga picha kadhaa, kila moja ikiwa na upau wake, na aya ya mwisho ya picha moja inarudi kuwa aya ya kwanza ya inayofuata. Picha moja ndefu inapendeza zaidi, lakini zile zinazopishana hazimwachii mtu nafasi ya kuuliza katikati palikuwa na nini.

Halafu picha ambayo watu wengi hawaipigi: ya cheti. Kwenye Chrome bofya ile alama iliyo kushoto ya anwani, chagua "Connection is secure", kisha "Certificate is valid". Kwenye Firefox bofya kufuli, "Connection secure", "More information", halafu "View Certificate". Utaona cheti kimetolewa kwa jina gani, na nani, kinaanza lini na kuisha lini, na alama yake ya kidole ya SHA-256, mstari mrefu wa tarakimu na herufi. Hapa sasa kuna kitu cha kukaguliwa. Vyeti vinavyokubaliwa na vivinjari vikubwa huandikwa kwenye daftari za hadharani, na yeyote anaweza kutafuta jina la kikoa kwenye `crt.sh` akaona vyeti vilivyotolewa na tarehe zake. Ikiwa cheti kilicho kwenye picha yangu hakimo, au muda wake haulingani na siku ninayodai, nina maelezo ya kutoa. Haithibitishi maneno ya ukurasa. Inathibitisha kwamba sikubuni muunganisho kutoka hewani, au angalau nimejua cheti kilichokuwa kikitumika.

Tazama pia aliyekitoa. Kwenye kompyuta za ofisi nyingi, na kwenye zile zenye programu fulani za kuzuia virusi, mawasiliano hufunguliwa katikati, hukaguliwa, kisha hufungwa upya kwa cheti cha ndani. Kivinjari kinaonyesha kufuli kama kawaida, kwa sababu kimefundishwa kuiamini mamlaka hiyo ya ndani. Lakini ukifungua cheti, mtoaji ni jina la programu au la mwajiri wako. Kufuli hapo linamzungumzia mtu wa kati, siyo tovuti. Picha ya namna hiyo ipigwe upya kwenye mtandao mwingine, kwa mfano data ya simu yako.

Baada ya hapo nahifadhi faili kama zilivyotoka, bila kukata wala kuzungushia duara jekundu. Duara naliweka kwenye nakala. Programu za ujumbe hubana picha na kufuta taarifa zilizomo, kwa hiyo zile za asili natuma kama faili. Kabla ya kutuma nakagua upau wenyewe: vichupo vingine vilivyo wazi, picha ya akaunti, na hasa sehemu ya anwani inayofuata alama ya kuuliza. Baadhi ya tovuti huweka huko msimbo unaomruhusu mwenye anwani kuingia kama wewe, mfano kiungo cha kubadilisha nenosiri. Ukiituma picha hiyo umetuma ufunguo. Ziba sehemu hiyo kwa kisanduku cheusi kwenye nakala, usiitie ukungu, na useme wazi kwamba umeziba.

Hatua inayobaki ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na haina uhusiano na picha: kumwita shahidi asiyekuwa wewe. Fungua `web.archive.org/save`, ukurasa wa Internet Archive, hifadhi ya kurasa za mtandao, weka anwani ya ukurasa, nayo seva yao itaenda kuuchukua yenyewe. Utapata anwani ya namna hii:

```
https://web.archive.org/web/20240315093012/https://www.example.com/masharti
```

Zile tarakimu 14 ni mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, kwa saa za UTC. F12 yangu haiwezi kugusa nakala hiyo, kwa kuwa haikupitia kompyuta yangu. Mipaka yake ni kwamba haioni kurasa zinazohitaji kuingia na nenosiri, baadhi ya tovuti huizuia, na kurasa zinazojijenga kwa programu nyingi wakati mwingine hutoka nusu. Na ukipiga picha ya nakala hiyo, angalia upau: kufuli utakaloliona ni la `archive.org`. Linasema umeunganishwa na hifadhi, na hifadhi ndiyo inayosema ukurasa ulikuwa hivyo. Jina la tovuti ya asili liko ndani ya njia, ile sehemu laini ya anwani. Nimeshaona watu wakibishana kwa sababu mmoja alidhani ni ukurasa hai.

Ile kozi, nilikuwa nimeshakata tamaa nayo. Kwa udadisi tu nikaenda kwenye hifadhi hiyo na kuweka anwani ya ukurasa wa masharti, nikakuta mtu fulani, sijui nani, aliuhifadhi siku tisa kabla sijalipa. Siku 30, wazi kabisa, aya ya tatu. Safari hii sikutuma picha yoyote. Nilituma anwani, mstari mmoja, nikasubiri. Fedha zilirudi baada ya siku nne.